Uzi unajazana chini ya kitambaa, lakini kosa liko juu

"Shikamoo fundi. Cherehani yangu ya nyumbani ilikuwa inashona vizuri mpaka juzi, nilipotoa uzi mweupe nikaweka mweusi. Tangu hapo, nikishona hata inchi mbili, chini ya kitambaa uzi unajisokota fundo kubwa kama kiota cha ndege, mashine inaunguruma na kukwama, na nikivuta kitambaa hakitoki. Kwa juu mshono unaonekana wa kawaida. Nimekaza skrubu ya kasha la bobini, haikusaidia. Nikailegeza, bado. Nimebadilisha bobini, bado. Mwenzangu anasema kasha limekufa, ninunue jipya. Ni kweli? Na kama ni uchafu, nisafishe vipi bila kuharibu kitu? Kasha langu ni la chuma, lile la kuchomoa."

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu bado. Kasha la bobini linaweza kuwa na uchafu, na tutalisafisha, lakini silo lililoanzisha balaa hili. Fundo linaloonekana chini hutengenezwa na uzi wa juu. Najua jambo hili linasikika kichwa chini miguu juu, na ndiyo maana karibu kila mtu huanza kwa kuhangaika na kasha, anakaza skrubu ambayo haikuwa na kosa, na mwisho anakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Usilichukue neno langu bure, jaribu mwenyewe. Weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, au rangi zozote mbili zisizofanana. Chukua kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, shona mishono mitano au sita kwa kuzungusha gurudumu la pembeni kwa mkono, halafu geuza kitambaa utazame. Utauona uzi wa bobini umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na vitanzi vyekundu vimening'inia juu yake. Fundo lote ni la uzi wa juu. Na kama siku ile ulipoweka uzi mweusi juu bobini yako ilikuwa bado na mweupe, jaribio hili ulishalifanya bila kujua. Kumbuka tu kiota cha kwanza kilikuwa cha rangi gani.

Kosa la kasha lenyewe lina sura tofauti. Kasha likilegea, uzi wa bobini hauna wa kuuzuia, basi uzi wa juu unauvuta na kuuleta upande wa juu wa kitambaa, nawe unaona vidoto vya rangi ya chini vikichungulia. Yaani uzi uliolegea hujitokeza upande wa mwenzake. Ukilishika hili, nusu ya matatizo ya mshono utayatambua kwa kutazama tu.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Sindano inashuka na uzi mpaka chini kabisa, kisha inaanza kupanda. Ikishapanda kidogo, kama milimita 2, uzi ulio nyuma yake unakwama kwenye kitambaa na haupandi nayo, kwa hiyo unatuna na kufanya kitanzi kidogo. Hapo hapo ncha ya ndoano, kile chuma cha umbo la mwezi mchanga kinacholizunguka kasha, inapita nyuma ya sindano, inakidaka kitanzi kile, inakipanua na kukizungushia kasha zima la bobini, kama mtu anayevalisha mtungi pete ya kamba. Ndivyo uzi wa juu unavyoukumbatia uzi wa chini. Lakini angalia hesabu yake: ili kitanzi kipite kulizunguka kasha kunatakiwa uzi wa sentimita kadhaa, wakati mshono wenyewe una urefu wa milimita 2 au 3 tu. Uzi wote uliobaki lazima urudishwe juu kabla sindano haijashuka tena.

Kazi hiyo inafanywa na ule mkono mdogo wenye tundu unaouona ukipanda na kushuka mbele ya mashine. Unapopanda unavuta uzi. Ila uzi una pande mbili: upande mmoja unakwenda kwenye sindano na kitanzi kilichoko chini, upande mwingine unakwenda kwenye rili. Mkono hauna akili ya kuchagua, unavuta panapotoka uzi kwa urahisi. Kinachouelekeza ni visahani vya tensheni, vile vibati viwili vya mviringo vinavyoubana uzi kabla haujafika kwenye mkono. Vikibana, upande wa rili unakuwa mgumu, basi mkono unavuta kutoka chini, kitanzi kinafunga na mshono unakaa. Visipobana, mkono unajichotea uzi mpya kutoka kwenye rili, na kitanzi kinaachwa kule chini kikiwa wazi. Mshono unaofuata unaleta kitanzi kingine. Mashine ya nyumbani ikikimbia hupiga mishono 10 na zaidi kwa sekunde, kwa hiyo ukikanyaga pedali kwa sekunde 2 una vitanzi 20 vimelundikana chini ya bamba la sindano, na ndoano inaanza kuvidaka vya zamani pamoja na vipya. Mngurumo unaousikia ni huo.

Na kwa nini juu panaonekana pazuri? Kwa sababu uzi wa bobini bado umebanwa kama kawaida, unaulaza uzi wa juu vizuri juu ya kitambaa. Ndiyo maana mtu anaweza kushona pindo zima akijisifu, mpaka ageuze.

Rudi sasa kwenye siku uliyobadilisha uzi, maana jibu lako limo humo. Visahani vya tensheni haviko vimebana muda wote. Ukiinua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, visahani vinaachana ili kitambaa kitoke kwa urahisi. Ukiushusha, vinakutana. Kwa hiyo mtu akipitisha uzi huku mguu umeshushwa, uzi unapita juu ya visahani vilivyofumbwa, hauingii katikati yake. Kwa macho kila kitu kiko mahali pake, uzi umepita njia yote na sindano imetungwa, lakini hakuna kinachoubana. Nadhani ndicho kilichokupata. Kama si hicho, basi uzi umeruka ule mkono unaopanda na kushuka, au kipande cha uzi mweupe kimekatikia ndani ya visahani. Hiyo ya mwisho huwapata wanaokata uzi karibu na sindano kisha wakauvuta kurudi nyuma kwa upande wa rili. Uzi ukivutwa kinyumenyume unaingiza manyoya yake kwenye visahani na kuyaacha humo. Njia salama ni kukata karibu na rili na kuutolea uzi upande wa sindano, uende mwelekeo ule ule unaokwenda wakati wa kushona.

Kabla ya kurekebisha, toa kwanza fundo lililopo, na hapa watu huharibu zaidi kuliko fundo lenyewe. Chomoa waya wa umeme, au kama mashine yako ni ya kukanyaga, toa mguu kwenye pedali. Usivute kitambaa. Ukivuta unapinda sindano, na sindano iliyopinda ikigonga ndoano inaiachia kikwaruzo kitakachokukatia uzi kila siku. Inua mguu wa cherehani, kisha zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako mpaka sindano ifike juu. Likigoma, litikise mbele na nyuma kidogo kidogo, usilikaze. Ingiza mkasi mdogo mwembamba kati ya kitambaa na bamba, ukate nyuzi zote zinazoshikilia kitambaa, na kitambaa kitatoka chenyewe. Halafu fungua mlango wa chini, chomoa kasha, na utoe mabaki ya uzi kwa kibano, kipande kwa kipande. Hesabu rangi ukiweza: kama ulikuwa na uzi mweusi juu na kwenye bobini, nawe unatoa vipande vyeupe, ujue kuna uchafu wa zamani.

Baada ya hapo pitisha uzi upya kuanzia mwanzo kabisa. Nasema mwanzo kabisa kwa sababu wengi hurekebisha pale tu wanapodhani pana kosa. Toa uzi wote. Inua mguu. Zungusha gurudumu mpaka ule mkono mdogo ufike juu kabisa, mahali unapoweza kuliona tundu lake. Weka rili kwenye kijiti chake, na kama rili ina kikato cha kushikia uzi pembeni, hakikisha kikato hicho hakitanasa uzi unapotoka. Shika uzi kwa mikono miwili: mkono wa kulia uushikilie karibu na rili ukiuzuia kidogo, mkono wa kushoto uupitishe kwenye vishikizo vya juu, ushuke kwenye mfereji wa visahani, upinde chini na kupanda tena. Ile nguvu kidogo ya mkono wa kulia ndiyo inayouzamisha uzi katikati ya visahani. Ukiupitisha umelegea unaweza kukaa ukingoni hata kama mguu umeinuliwa. Kisha uingize kwenye tundu la mkono unaopanda na kushuka, ushuke nao mpaka kishikizo kilicho juu ya sindano, halafu utunge. Mashine nyingi za nyumbani hutungwa kutoka mbele kwenda nyuma. Zile nyeusi za zamani nyingi hutungwa kutoka pembeni, na kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa kuna kipimo cha sekunde chache ambacho ningependa ukifanye kila unapobadilisha uzi. Kabla ya kutunga sindano, mguu ukiwa juu, vuta uzi taratibu: uje kwa urahisi bila kuzuiwa. Shusha mguu, uvute tena: lazima ukatae, au uje kwa shida. Tofauti hiyo kati ya mguu juu na mguu chini ndiyo dalili kwamba uzi umo ndani ya visahani na visahani vinafanya kazi. Kama unateleza vile vile katika hali zote mbili, usishone. Hata ukikaza namba ya tensheni mpaka mwisho haitasaidia, kwa sababu unakaza visahani ambavyo uzi haumo.

Ikiwa umepitisha vizuri na bado unateleza, kuna kitu kimevizuia visahani visikutane. Nakumbuka mama mmoja aliyeniletea mashine akiwa na malalamiko kama yako, tena amekwisha kununua kasha jipya na amekaza skrubu ya kasha la zamani mpaka kichwa chake kimeliwa. Nilipitisha uzi, nikashusha mguu, nikavuta, ukaja kama ninavuta unywele kwenye sabuni. Nikageuza namba ya tensheni kutoka 4 mpaka 9, hakuna mabadiliko. Nikainua mguu, nikachukua utepe mwembamba wa kitambaa cha pamba, nikauingiza kati ya visahani na kuusugua juu na chini kama anayesafisha meno kwa uzi. Kwenye vuto la tatu kikatoka kipande cha uzi mzito wa jinzi, urefu wa sentimita 2 hivi, kimejikunja na kuvaa vumbi. Kilikuwa kimeviachanisha visahani kama kabari. Nikarudisha namba kwenye 4, nikavuta, uzi ukakataa. Mashine ikashona. Kazi iliyobaki, na ndiyo iliyochukua muda mrefu, ilikuwa kurudisha skrubu ya kasha mahali pake, maana sasa uzi wa chini ulikuwa mkali kupita kiasi na mshono ulikunja kitambaa chepesi.

Nawe uko kwenye hali hiyo hiyo, umeikaza na kuilegeza. Kwa hiyo tusafishe kasha na hapo hapo turudishe skrubu.

Kwa kuwa kasha lako ni la chuma la kuchomoa, chini ya mashine kuna vipande vitatu vya kutoa. Peleka sindano juu kabisa. Shika kile kilimi cha kasha, kivute kifunguke, na utoe kasha pamoja na bobini. Ukiachia kilimi bobini itadondoka. Utaona nyuma yake pete ya chuma iliyoshikiliwa na vishikio viwili vidogo, kimoja kila upande. Visukume nje, pete itoke. Kisha shika kile kijiti cha katikati, utoe ndoano yenyewe, ambayo ina umbo la mwezi mchanga na ncha kali. Kabla hujaitoa piga picha kwa simu, itakuokoa baadaye. Sasa una mfereji wa mviringo ulio wazi, na ndani yake kuna kile ninachoamini utakikuta: manyoya ya kitambaa yaliyochanganyika na mafuta na kugandamana kama sufi iliyolowa.

Safisha kwa brashi ndogo kavu na kibano. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu na chuma hakiupendi, tena unalisukuma vumbi kwenda ndani ambako hutalifikia. Mtungi wa hewa nao vivyo hivyo. Fungua pia skrubu za bamba la sindano, ulitoe, na usugue kati ya yale meno yanayosukuma kitambaa. Mara nyingi hapo pana tabaka la manyoya lililoshindiliwa kiasi kwamba limekuwa kama kipande cha kitambaa nene. Pitisha kidole kwenye ncha ya ndoano na pembezoni mwa tundu la bamba. Ukihisi mkwaruzo unaonasa ngozi, au ukipitisha uzi mwembamba ukashika, hiyo ni kazi ya fundi.

Kabla ya kurudisha ndoano, weka tone 1 la mafuta ya cherehani kwenye mfereji inapotelezea. Tone moja tu. Mafuta ya kupikia yasikaribie hapo, yanaganda na kuwa gundi. Rudisha ndoano huku kijiti chake kikitazama nje, ikae ndani ya mfereji ikikamilisha duara na kile kipande cha mwezi kinachoisukuma. Weka pete, funga vishikio mpaka viteme sauti. Zungusha gurudumu kwa mkono mara 2 au 3. Likizunguka laini, umepata. Likigoma, fungua uanze upya, usilazimishe. (Wenye mashine ya bobini ya kulaza juu, ya kasha la plastiki, msitafute pete wala vishikio hivi. Kwenu unatoa bamba, unainua kasha, unapiga brashi na kulirudisha mahali pake, na mashine nyingi za namna hiyo hazitaki mafuta pale.)

Sasa kasha lenyewe. Pembeni lina bati jembamba linaloubana uzi. Chini ya bati hilo hujificha vumbi, na chembe ndogo tu inatosha kuliinua. Pitisha ukingo wa kadi nyembamba au karatasi ngumu chini yake, ukifuata njia ya uzi. Usitumie pini wala ncha ya bisibisi, utaliachia alama.

Kisha weka bobini yenye uzi wa kutosha, na uzi ukiingia kwenye ule ufa wa kasha ugeuke kurudi nyuma, usiendelee mwelekeo ule ule. Katika makasha mengi ya aina yako, ukivuta uzi bobini inazunguka kufuata saa ukiitazama kwa upande ulio wazi. Uzi upite chini ya bati mpaka utokee kwenye tundu lake. Sasa ning'iniza kasha kwa uzi wake huo, hewani, juu ya kitambaa kilichotandazwa mezani. Likibaki linaning'inia bila kushuka, na ukiutikisa mkono kwa ghafla likashuka sentimita chache na kusimama, skrubu iko sawa. Likianguka moja kwa moja, kaza. Ukilitikisa na lisishuke hata kidogo, legeza. Geuza skrubu kidogo sana, kama mshale wa dakika unavyokwenda kutoka 12 mpaka 1, na upime tena. Kile kitambaa cha mezani ni kwa sababu skrubu hiyo ni ndogo kama punje ya mtama, na ikiruka sakafuni utaisaka mpaka jioni.

Lirudishe kasha kwenye mashine huku kidole chake cha juu kikiingia kwenye pengo la pete, usukume mpaka usikie likibana. Lisipobana, litalegea katikati ya mshono na sindano itavunjika.

Weka sindano mpya pia. Sindano ni rahisi kuliko kila kitu kwenye mashine, nayo huchoka baada ya saa 8 hivi za kushona. Kwa kitambaa cha pamba cha kawaida, namba 90/14 inafaa. Katika mashine nyingi za nyumbani upande bapa wa shina unatazama nyuma. Isukume mpaka igonge juu ndipo ukaze.

Jaribu sasa na rangi zako mbili. Tensheni ya juu iwe kwenye 4. Acha nyuzi zote mbili zenye urefu wa sentimita 10, uzipitishe chini ya mguu kuelekea nyuma, na uzishike kwa vidole wakati wa mishono 3 ya mwanzo. Usipozishika, ndoano inaunyonya uzi mfupi na kutengeneza fundo dogo la mwanzoni, ambalo halina uhusiano na ugonjwa wako na huwasumbua hata waliobobea. Na kabla ya kuanza kushona, shusha mguu wa cherehani. Nakukumbusha kwa sababu kitambaa kinene kinadanganya, kinajaa chini ya mguu unadhani umeushusha kumbe uko juu, na mguu ukiwa juu visahani viko wazi, kwa hiyo kiota kinarudi papo hapo.

Geuza kitambaa. Kukiwa na vidoto vidogo tu vya uzi wa juu vinavyoonekana chini, vimepangika sawasawa, hilo si fundo tena. Ni mizani ndogo tu, panda kutoka 4 kwenda 5 ujaribu. Kama fundo liko mwanzoni tu na mbele panakwenda vizuri, ni ule uzi wa kushika. Kama lilianza ghafla katikati ya mshono uliokuwa mzuri, tazama mkono unaopanda na kushuka, huenda uzi umeruka nje, au umenasa kwenye rili kisha ukaachia. Kiota kikubwa kilichojaa tangu mwanzo mpaka mwisho maana yake visahani havibani, basi rudi kwenye kile kipimo cha mguu juu na mguu chini.

Kuna hali ambayo sitakuambia uendelee mwenyewe. Ikiwa uzi unakataa mguu ukishushwa, kasha ni safi, sindano ni mpya, na bado vitanzi vinabaki chini au mishono inarukwa, yawezekana ndoano imepoteza muda wake wa kukutana na sindano. Hutokea hasa baada ya sindano kuvunjika kwenye kitambaa kizito, au baada ya mtu kuvuta kitambaa kwa nguvu fundo likiwa limekwama. Unaweza kuthibitisha bila kugusa kitu: toa bamba, zungusha gurudumu kwa mkono polepole, utazame. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda kama milimita 2, ncha ya ndoano inapaswa kuwa inapita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake. Ikifika mapema au imechelewa, au inapita mbali na sindano, skrubu za ndani zinahitaji kulegezwa na kupangwa upya, na kazi hiyo inataka mtu aliyeifanya mara nyingi. Vivyo hivyo ndoano yenye kikwaruzo, na mashine ya kielektroniki inayojizima au kulia inapokwama. Hiyo usiifungue zaidi ya bamba na kasha.

Ukiipeleka kwa fundi, usiisafishe njiani wala usitoe kiota cha mwisho. Mpelekee na kile kitambaa cha rangi mbili, pamoja na sindano uliyoitoa, na umwambie umegeuza skrubu ya kasha. Vitu hivyo vitamwambia mengi kuliko maelezo yako na yangu, na hatakuuzia kasha usilolihitaji.